Laptopu imepoa lakini inakokota: chaja ipi ununue?

Laptopu ikikokota huku inawaka moto, kila fundi anajua pa kuanzia: vumbi kwenye feni, pesti iliyokauka juu ya prosesa. Inayosumbua ni ile inayokokota ikiwa imepoa. Feni kimya, kibodi ya baridi, Task Manager inasema prosesa imebanwa asilimia 100, na bado faili moja la Excel linafunguka kwa dakika nzima. Huku Nyanda za Juu Kusini dalili hii inajificha kuliko Dar. Mbeya mjini iko juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, Juni na Julai watu wanafanya kazi na makoti ofisini, kwa hiyo laptopu iliyopoa haimshtui mtu. Anajua ni baridi ya msimu.

Si baridi. Prosesa inayofanya kazi kweli hupata joto hata Makete asubuhi. Ukiikuta imebanwa asilimia 100 na joto lake liko nyuzi 40 tu, basi kuna kitu kimeizuia isikimbie. Kwenye laptopu zinazotambua chaja zao, kitu cha kwanza kushuku ni chaja yenyewe.

Hapa chini nalinganisha njia ambazo watu huku wanazitumia chaja ya asili ikiharibika au kupotea: orijino ya mtumba, kopi mpya, chaja ya vichwa vingi, chaja ya taipu-si, na ile ya kuondoa breki kwa programu. Ila tukikimbilia kulinganisha kabla ya kuelewa breki inatoka wapi, utanunua chaja kubwa zaidi na tatizo litabaki palepale. Hilo ndilo lililompata mwalimu mmoja kutoka upande wa Tukuyu, na kisa chake kinafaa kusimuliwa chote.

Wati ni kitu kimoja, kitambulisho ni kingine

Alikuja na Dell Latitude 7490, yenye prosesa ya Core i5-8350U. Kasi ya msingi ya prosesa hiyo ni gigahezi 1.7, na ikipewa kazi nzito inaweza kuruka hadi 3.6.

"Fundi, nimeshapiga Windows mara mbili, nimeongeza na ramu. Bado inakokota."

"Mwalimu, hiyo chaja uliyokuja nayo ndiyo unayotumia siku zote?"

"Ile yake iliungua. Hii ya vichwa vingi nilinunua mjini, tena ni kubwa zaidi, imeandikwa wati 96."

Nikaichomeka, nikafungua Task Manager, sehemu ya Performance, nikabofya CPU. Kisha nikaipa kazi: tovuti kadhaa nzito kwa pamoja. Hilo la kuipa kazi ni la lazima, maana laptopu isiyofanya kitu hushusha kasi yake yenyewe ili kuokoa umeme, na hapo namba ndogo haimaanishi ugonjwa. Asilimia zikapanda hadi 100, lakini kwenye Speed ikabaki 0.39 GHz. Haikupanda wala kushuka. Nikachomoa chaja, laptopu ikabaki kwenye betri. Baada ya sekunde chache kasi ikavuka gigahezi 3 na feni ikaanza kuvuma. Nikachomeka tena, ikarudi 0.39.

Kipimo hicho kimoja kinatosha kwa kesi nyingi. Laptopu inayokimbia kwenye betri na kukokota kwenye umeme kwa kawaida haina ugonjwa wa Windows, na haihitaji ramu.

Kwa nini wati 96 zilishindwa mahali ambapo chaja ya asili ya wati 65 ilitosha? Kwa sababu mashine haina njia ya kujua kuwa ni wati 96. Kichwa cha chaja ya Dell ya duara kina pini nyembamba katikati. Pini hiyo haileti umeme wa kuendesha mashine. Inaleta habari. Ndani ya chaja kuna chipu ndogo yenye maandishi yanayoanza hivi:

```
DELL00AC065195033
```

Isome kwa vipande: 065 ni wati 65, 195 ni volti 19.5, 033 ni ampea 3.3. Laptopu ikishasoma hapo inajua inaweza kuvuta kiasi gani. Chaja ya vichwa vingi kwa kawaida haina chipu hiyo. Mashine ikiuliza na isijibiwe, inachukulia kuwa imeunganishwa na kitu dhaifu kisichojulikana, kwa hiyo inafanya mawili: inaacha kuchaji betri, na inaituma prosesa ishara iitwayo BD PROCHOT. Kazi ya ishara hiyo ni kuiambia prosesa ishuke hadi kasi yake ya chini kabisa, kana kwamba kuna joto la hatari, hata kama hakuna joto lolote. Ndiyo maana unaona 0.39 kwenye mashine kama hii, na kwenye zile za zamani kidogo unaona 0.78 au 0.79.

Chaja ndogo ya kweli ni jambo tofauti kidogo. Tuseme umeazima chaja ya Dell ya wati 45, yenye kitambulisho chake kizima. Mashine inaisoma, inaikubali, kisha inajibana ndani ya wati hizo: kwanza betri inachajiwa polepole, na kazi ikizidi, prosesa nayo inapunguzwa. Hapo hukuti 0.39 iliyoganda. Unakuta kasi inayopanda na kushuka, na betri ambayo haijai ukiwa unaitumia. Kwa kazi za kuandika barua mtu anaweza kuishi nayo miezi bila kujua.

Kabla hujatoa hela, thibitisha mambo mawili. Zima mashine, iwashe huku unabonyeza F2, ingia kwenye BIOS, kisha utafute sehemu ya habari za betri. Inaonyesha aina ya chaja iliyochomekwa. Ikionyesha wati sahihi, chaja imetambulika. Ikiwa haijulikani, au ukiwasha unapata ujumbe wenye maneno "cannot be determined", umempata mchawi. La pili, hakikisha Windows yenyewe haijawekewa kikomo. Fungua Command Prompt uandike:

```
powercfg /query SCHEME_CURRENT SUB_PROCESSOR PROCTHROTTLEMAX
```

Mistari miwili ya mwisho, ya AC na ya DC, inapaswa kusoma 0x00000064, yaani 100. Ukikuta ndogo kuliko hapo, kuna mtu alibana kasi kwenye mipangilio, na chaja haina kosa.

Orijino ya mtumba dhidi ya kopi mpya

Kwa laptopu yenye tundu la duara, hizi ndizo mbili za kupimwa kwa uzito. Mimi nasimama upande wa orijino ya mtumba, na nitaeleza kwa nini, ingawa kopi ndiyo inayong'aa dukani.

Orijino iliyotoka na laptopu za mtumba ina kitambulisho cha kweli na wati za kweli. Kibandiko kikisema 19.5V na 3.34A, zidisha: inakaribia wati 65, na ndizo utakazopata. Ya 4.62A ni wati 90. Usiogope kuweka ya 90 kwenye mashine ya 65, mradi volti ni zilezile na kichwa ni kilekile; mashine huvuta inachohitaji tu. Kinachokatazwa ni kushuka chini.

Udhaifu wa orijino ya mtumba ni shingo ya waya, pale unapoingia kwenye kichwa. Waya wa habari ni mwembamba kuliko ule wa umeme, kwa hiyo ukikunjwakunjwa miaka mingi ndio unaotangulia kukatika. Matokeo yake yanachanganya sana: taa ya chaja inawaka, laptopu inawaka, mita inasoma volti 19.5 safi, na bado mashine inasema haijui chaja hii. Mtu mwenye mita anaapa chaja ni nzima. Mita haijampa uongo, ila imepima umeme na haikuulizwa habari ya kitambulisho. Kwa hiyo ukinunua, nenda na laptopu yako. Chomeka, ingia BIOS, kisha kunja shingo ya waya taratibu kushoto na kulia huku unaangalia kama alama ya kuchaji inapotea. Ikipotea, rudisha chaja hiyo mezani uombe nyingine. Muuzaji mzuri hawezi kukukatalia jaribio hilo.

Kopi mpya zimegawanyika. Nyingi za siku hizi zina chipu ya kitambulisho, kwa hiyo mashine inaisoma na kuikubali, kasi inarudi na betri inachaji. Hatari yake ipo kwenye kile chipu inachosema. Chipu inaweza kuandikwa wati 65 wakati vilivyomo ndani haviwezi kubeba wati hizo kwa saa nzima. Laptopu inaamini maandishi, inavuta, na chaja inaanza kuzidiwa. Utaijua kwa mwenendo: baada ya dakika ishirini au thelathini za kazi nzito huku betri inachaji, boksi linakuwa la moto kiasi kwamba huwezi kulishika, alama ya kuchaji inakuja na kupotea, au chaja inajizima kabisa hadi uichomoe ukutani. Dakika mbili za kujaribu dukani hazitakuonyesha hili. Ukinunua kopi, taka uhakika wa kuirudisha, kisha siku hiyohiyo ianze kazi na betri iliyo chini ya asilimia 20, maana hapo ndipo mashine huvuta zaidi.

Wenye HP za pini ya katikati na Lenovo za kichwa cha mstatili, hoja ni hiyohiyo. Njia ya kujitambulisha tu ndiyo inayotofautiana. Kwenye Lenovo, ukinzani uliowekwa kwenye pini ya katikati ndio unaoiambia mashine ukubwa wa chaja.

Chaja ya vichwa vingi

Iache, kama laptopu yako inaulizia kitambulisho. Kwa mashine ambazo haziulizi inaweza kufaa, mradi volti umezipanga sawasawa. Kwa Dell ya duara itakuwasha na kukuacha kwenye 0.39. Ukubwa wa wati ulioandikwa juu yake hausaidii kitu. Mwalimu wetu alilipia wati 96 na mashine ikamhesabia kama mtu asiye na chaja inayojulikana.

Taipu-si: chaguo zuri, ila soma kibandiko

Latitude 7490 ina bahati ya kuwa na tundu la USB taipu-si linalopokea umeme wa kuchaji. Si kila laptopu yenye tundu la umbo hilo inapokea. Nyingine ni la data tu, kwa hiyo angalia maelezo ya modeli yako. Kama inapokea, hapa mambo yanakuwa rahisi kuliko kwenye duara, kwa sababu mazungumzo kati ya chaja na mashine yamewekwa kwenye kanuni ya wote, PD, badala ya chipu ya kampuni moja. Chaja inatangaza inachoweza kutoa, mashine inachagua.

Kinachowaponza watu ni chaja za simu. Chaja ya simu inaweza kuandikwa 65W kwa herufi kubwa, lakini wati hizo inazitoa kwa njia ya kampuni ya simu hiyo peke yake. Kwa PD inatoa pungufu sana. Puuza herufi kubwa. Tafuta maandishi madogo ya OUTPUT na uone kama kuna 20V ikifuatiwa na 3.25A. Usipoiona 20V, iache iendelee kuchaji simu.

Kisha waya. Waya wa kawaida wa taipu-si kwa taipu-si unaruhusiwa ampea 3, na kwa volti 20 hiyo ni wati 60. Kupata zaidi unahitaji waya wa ampea 5, ambao una chipu yake ndogo ndani. Tofauti ya wati 60 na 65 si kubwa na hutaihisi kwenye mashine hii, lakini ukija kununua chaja ya wati 100 ukaiunga na waya wa kawaida, utapata 60 tu. Pia chaja yenye matundu mawili hugawa: ukichomeka simu pembeni, upande wa laptopu unaweza kushuka hadi wati 45. Mtu anachomeka simu saa mbili usiku, laptopu inapunguza mwendo, naye analaumu mtandao.

Mwalimu nilimshauri njia hii. Sababu kubwa ni kule anakokaa. Umeme ukikatika anatumia betri ya sola ya volti 12, na awali alikuwa akipitia inveta ndogo: volti 12 zinapandishwa kuwa 230, kisha chaja inazishusha tena kuwa 19.5. Kila hatua inakula umeme. Zipo chaja za gari za PD zinazochomekwa kwenye volti 12 moja kwa moja na kutoa 20V 3.25A. Hesabu yake ni nyepesi: wati 65 gawanya kwa volti 12 ni ampea 5.4, weka na upotevu, uhesabu ampea 6. Waya wa kutoka kwenye betri uwe mnene wa kubeba hizo, uwe mfupi, na fyuzi ya ampea 10 ikae karibu na betri. Ukitumia waya mwembamba wa taa, volti zinashuka njiani, chaja inazidiwa, na unarudi kwenye laptopu inayokokota.

Kwa anayekaa mjini na hana sola, orijino ya mtumba na taipu-si ya kweli zinakaribiana. Mwenye tundu la duara pekee hana haja ya kufikiria sana: orijino.

Kuondoa breki kwa programu

Ipo programu iitwayo ThrottleStop, na ndani yake kuna kisanduku cha BD PROCHOT. Ukiondoa alama ya tiki, prosesa inaacha kusikiliza ile ishara na kasi inarudi palepale. Kuna watu wanaifanya kuwa tiba ya kila mashine, nami sikubaliani nao hata kidogo.

Kama chaja ni ndogo kweli, umeondoa ulinzi uliokuwa unaizuia isizidiwe. Utapata kasi kwa muda, kisha chaja itachemka au kujizima, na ukiwa na betri iliyochoka mashine itazimika katikati ya kazi. Betri haitachaji vilevile, kwa sababu kukataa kuchaji hakuamuliwi na prosesa. Isitoshe, ishara hiyohiyo hutumiwa na sehemu nyingine za mazabodi zikipata joto la hatari. Prosesa itabaki na ulinzi wake wa ndani, lakini sehemu hizo zitakuwa zimenyimwa sauti. Na mpangilio wenyewe haukai: ukizima na kuwasha unarudi, mpaka uipange programu ijifungue yenyewe. Mashine nyingine mpya zimeufunga kabisa.

Mahali pamoja inapofaa ni pale ambapo chaja ni sahihi, wati zinatosha, umeijaribu kwenye laptopu nyingine ikatambulika, na kumbe pini ya katikati imevunjika ndani ya tundu la laptopu. Hili hutokea sana kwa mashine zinazobebwa zikiwa zimechomekwa. Angalia tundu kwa tochi: pini ikiwa imelala upande au haipo, badilisha tundu. Kwenye Latitude nyingi tundu hilo ni kipande chenye waya wake kinachochomekwa kwenye mazabodi, halichomelewi, kwa hiyo ni kazi ya bisibisi. Programu ikushikilie wakati unasubiri kipande kifike.

Ukibadilisha tundu, ukaweka chaja inayotambulika kwingine, na BIOS bado haiioni, basi njia ya habari imekufa kwenye mazabodi yenyewe. Kabla hujakubali kufungua mazabodi, jaribu tundu la taipu-si kama mashine inapokea umeme hapo, kwa kuwa mazungumzo yake hayapiti kwenye ile pini. Zima mashine, chomoa chaja zote, shikilia kitufe cha kuwasha kwa sekunde 30 ili umeme uliobaki utoke, kisha chomeka taipu-si peke yake na uwashe. Ikichaji na Speed ikapanda, achana na tundu la duara.